Asante ya Mzee Bartholomeo

Devota alijua hasira kabla hajajua kusoma.

Alizaliwa Ilula, kwenye nyumba ya tofali mbichi pembeni mwa barabara kuu. Mama yake, Damari, aliuza nyanya kwa abiria wa mabasi. Baba yake alikuwa fundi wa kupasua mbao, mtu wa mikono mizito. Baba alipofoka watoto hawakukimbia. Alipiga teke ndoo, akarusha sufuria, akatukana ukoo mzima wa mkewe mpaka wa kaburini. Watoto walijificha nyuma ya jiko wakichekea viganjani. Mama alisema, "Mwacheni. Hiyo ni mvua ya mawe. Inapiga bati, inapita."

Ila siku baba aliporudi ametulia, akanawa mikono, akala, akasema kwa sauti ya chini, "Damari mke wangu, asante sana kwa chakula," siku hiyo mama alimbeba mdogo, akamshika Devota mkono, wakatokea mlango wa nyuma bila viatu.

Siku moja mama alichelewa. Alikuwa anafunga tenga la nyanya, akasema ngoja nimalize fundo hili. Baba akamshukuru mara ya pili. Kisha akachukua mchi wa kinu akampiga nao taya. Devota alisikia mfupa ukivunjika. Mpaka leo Damari anakula upande mmoja, na mdomo wake umekwenda kushoto.

Baba alikufa baadaye, gogo lilimwangukia. Walimzika. Watu walilia kwa adabu.

Devota akasoma mpaka kidato cha nne, akapata kazi Chimala, kwenye kampuni ya kukodisha kombaini za kuvunia mpunga. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya mashine za kukoboa. Pumba iliingia dirishani mchana kutwa, ikakaa kwenye nywele, kwenye chai, kwenye kompyuta. Kazi yake ilikuwa kujibu meseji za wakulima. Msimu wa mavuno meseji zilikuja kama nzige. Mpunga ukishakomaa hausubiri mtu. Ukicheleweshwa unapukutika, ndege wanakula, na ukibaki umesimama peke yako wakati jirani wamevuna, ng'ombe wanaingia.

Hilo la ng'ombe kila mtu wa bonde la Usangu analijua. Kijiji kina utaratibu wake. Mpunga wa bonde ukishavunwa, kamati inatangaza kwamba mabua yamefunguliwa, wafugaji wanaingiza mifugo ile mabua. Kabla ya tangazo, ng'ombe akiingia ni kesi. Baada ya tangazo, aliyechelewa kuvuna alinde mwenyewe.

Ndiyo maana watu waliandika kwa uchungu. Na Devota peke yake hakuweza kusoma zote kwa wakati.

Kampuni ikamleta Clement kutoka Mbeya mjini. Kijana mpole, miwani minene, anapenda soda ya baridi kuliko chakula. Alitengeneza roboti la kusoma meseji. Si roboti la kutembea. Lilikaa ndani ya kompyuta. Kila meseji iliyoingia liliipima kwanza: huyu mtu amekasirika kiasi gani? Aliyekasirika alipewa rangi nyekundu, akapandishwa juu ya foleni, na kompyuta ikalia ili Devota amshughulikie mara moja. Wa kati, njano. Aliyetulia, kijani. Wa kijani lilimjibu lenyewe, naye akasubiri zamu.

"Sasa litajuaje hasira?" Devota aliuliza.

"Wewe ndiye utalifundisha, dada," Clement alisema. "Kuna meseji za miaka iliyopita. Soma moja moja, ipe rangi. Likishaona nyingi, litaona zinafanana wapi. Ikija mpya, litakisia."

Akampa maelekezo. Angalia matusi. Angalia herufi kubwa tupu, alama za mshangao zilizopangwa mstari, vitisho, maneno kama nimechoka, wezi, matapeli. Hizo nyekundu. Salamu, shukrani, baraka, hizo kijani.

Devota akakaa na ile kazi wiki nyingi. Kuna meseji zilimsumbua. Moja ilisema, "Asanteni, naendelea kusubiri." Mashine haikuwa imefika.

"Na huyu, Clement? Anashukuru nini?"

Clement akavuta kiti. "Ameandika asante?"

"Ameandika."

"Mpe kijani. Tukianza kubishana na asante za watu hatutamaliza."

Devota aliikodolea macho ile meseji. Kitu kilimgusa mgongoni, kama mtu anapita nyuma yake. Kisha akaipa kijani. Na nyingine kama hiyo, kijani. Na nyingine. Mtu wa nyanda hizi anashukuru kwa kila kitu. Anashukuru akipewa, anashukuru akinyimwa. Roboti likajifunza lilivyofundishwa: penye asante, pametulia.

Msimu wa kwanza lilifanya kazi kweli. Mama mmoja wa Igurusi aliandika kwa herufi kubwa kwamba kombaini imekwama katikati ya jaruba la mpunga na dereva amelala chini ya mti. Kompyuta ikalia. Kabla chai haijapoa, fundi alikuwa njiani. Bosi akapiga makofi.

Msimu wa pili watu wakalijua.

Hakuna aliyewafundisha. Waliona wenyewe kwamba anayetukana anafikiwa kwanza. Sifaeli, mfanyabiashara wa mpunga pale sokoni, ndiye alikuwa bingwa. Alipita ofisini akicheka.

"Dada Devota, umeipata ya leo?"

"Nimeipata. Umemtukana mama yangu."

"Simjui mama yako, shemeji! Nilikuwa naita mashine. Siku hizi kombaini haiji bila tusi, kama vile gari bovu haliwaki bila kusukumwa."

"Ungeandika vizuri tu."

"Niandike vizuri nioze? Niliandika vizuri msimu uliopita, nikajibiwa tunathamini ujumbe wako. Mpunga wangu ukathaminiwa na kware." Akaondoka anapiga mluzi.

Devota alimweleza Clement kwa simu. Clement alisema ndiyo, ameliona, atalirekebisha msimu ukiisha. Huwezi kubadilisha tairi gari likiwa mlimani.

Msimu huo huo akaandika Mzee Bartholomeo.

Alikuwa Mbena, alihamia bondeni ujanani. Devota alimfahamu. Alikuja ofisini mara moja kujiandikisha, kavua kofia mlangoni, kasalimia kila mtu hadi mfagiaji. Mkewe alikuwa amefariki katikati ya msimu. Alipandikiza mpunga na mumewe mpaka jaruba la mwisho, akaugua, akafa kabla haujachanua. Alizikwa hapo hapo kichwani mwa shamba, kwenye kichuguu ambacho maji hayafiki. Wanawe walikuwa Makongolosi wanachimba dhahabu. Walikuja kuzika, wakarudi. Mzee alibaki na mpunga.

Aliandika hivi, akianza kwa salamu ya kwao:

"Kamwene wanangu. Poleni na kazi. Mimi Bartholomeo wa majaruba ya chini. Mpunga wa marehemu umekomaa. Peke yangu siwezi. Naomba mashine. Mungu awabariki."

Kijani. Roboti likamjibu kwamba ombi limepokelewa.

Siku zikapita. Kombaini zilikwenda kwa wenye matusi.

"Kamwene. Jirani zangu wamekwisha kuvuna. Mpunga wangu umebaki wenyewe. Mnikumbuke. Asanteni."

Kijani.

"Kamwene. Kamati imefungua mabua. Ng'ombe wameingia pembeni, nimewatoa. Bado nasubiri. Asanteni."

Kijani tena. Mzee alisema asante, basi ametulia.

Devota hakuziona. Siku hizo foleni nyekundu ilikuwa ndefu kama mkia wa treni, na za kijani hakuna aliyezifungua.

Asubuhi moja Lusekelo aliingia ofisini. Alikuwa dereva wa kombaini, Mnyakyusa mnene, anayefika chumbani sauti yake ikiwa imetangulia.

"Devota! Leo nilikuwa niende majaruba ya chini kwa Mzee Bartholomeo. Hatimaye zamu yake imefika. Nafungua simu, jina limetolewa. Niende kwa nani sasa?"

"Limetolewa na nani?"

"Na huyo mkwe wako wa kwenye kompyuta."

Devota akafungua. Faili la mzee lilikuwa limefungwa. Pembeni roboti lilikuwa limeandika: mteja ameridhika. Akashuka chini akasoma meseji zote kwa mpangilio, mpaka ya mwisho, iliyoingia alfajiri.

"Asanteni sana kwa yote. Mashine msilete tena. Sina neno na mtu."

Chini yake roboti lilikuwa limejibu: tunashukuru kwa maneno yako mazuri, karibu tena.

Devota alisoma mara mbili. Salamu haikuwepo. Mzee aliyesalimia mpaka ufagio, safari hii hakuandika kamwene. Akasikia sauti ya chini, nyumba ya Ilula, maji yakimwagika kwenye beseni la kunawia. Asante sana kwa chakula.

Akapiga simu ya mzee. Imezimwa. Akampigia mwenyekiti wa kijiji. Haikupokelewa.

"Washa pikapu," alisema.

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa Mzee Bartholomeo."

"Si amesema hataki mashine?"

"Ndiyo maana nasema washa, Lusekelo! Anakwenda kuua mtu!"

Lusekelo alimtazama usoni. Akachukua funguo.

Waliiacha lami, wakaingia njia ya matuta. Bonde lote lilikuwa limevunwa, mabua makavu kila upande, na kwa mbali kipande kimoja tu cha dhahabu kimesimama. Hata kabla hawajafika walisikia ng'ombe. Si mlio wa malisho. Ni mlio wa ng'ombe anayechinjwa akiwa amesimama.

Mpunga ulikuwa umelazwa nusu nzima, umekanyagwa ukawa tope. Ng'ombe waliingia jioni iliyotangulia, mzee akiwa kanisani kwenye ibada ya marehemu, wakala, wakalala humo humo. Kichuguu cha kaburi kilikuwa kimebomoka. Msalaba ulikuwa umevunjika chini ya kwato. Hilo Devota alilijua baadaye. Wakati ule aliona damu tu.

Ng'ombe walikuwa chini, mishipa ya miguu imekatwa nyuma, wanajivuta kwa miguu ya mbele. Mmoja utumbo wake ulikuwa nje, unaburuzwa juu ya mashuke. Katikati yao alikaa Budeba, mdogo wake Ngolo mwenye ng'ombe. Mtu mzima, mwenye mke na nyumba. Fimbo yake ilikuwa imevunjika vipande viwili. Ameshika paja kwa mikono yote miwili, na damu ilitoka katikati ya vidole kwa kuruka, ikapumzika, ikaruka.

Mzee Bartholomeo alisimama mbele yake. Kichwa kilikuwa kimepasuka kwa fimbo, jicho moja limefunikwa na damu. Panga mkononi. Alikuwa anaongea polepole.

"Asante, Budeba. Umechunga vizuri. Wameshiba. Asante."

Akainua panga.

Lusekelo alimfikia kwa kifua. Wakaanguka wote topeni. Panga likamkata Lusekelo kiganjani, akapiga ukelele, akamng'ang'ania hivyo hivyo. Devota akaruka juu ya ule mkono wa panga akaupigia magoti. Akauma. Aliuma kifundo cha mkono wa mzee wa watu mpaka akasikia chumvi, mpaka vidole vikafunguka. Akalirusha panga mbali kwenye mfereji.

"Baba! Baba Bartholomeo! Ni mimi Devota wa kombaini!"

Mzee akamtazama kwa jicho lililobaki. "Kamwene, mwanangu," alisema. "Umechelewa."

Ndipo wakasikia vishindo. Ngolo alikuja mbele, watu wake nyuma yake, fimbo na mikuki. Waliona ng'ombe. Waliona Budeba. Hawakuuliza.

Fimbo ya kwanza ilimpata mzee mbavuni, mbavu zikalia. Ya pili mdomoni, meno yakatoka. Lusekelo alisukumwa akabiringika. Devota hakufikiri. Alilala juu ya mzee kifudifudi, kama mtu anavyofunika moto kwa gunia.

"Toka, mwanamke!"

"Sitoki!"

Fimbo ikashuka. Akaweka mkono kichwani. Mkono ukavunjika katikati, akauona unapinda pasipo na kiungo. Alitapika. Hakutoka.

Ngolo akamvuta mguu akamburuza pembeni kama ndama. Akachukua mkuki. Mzee alijaribu kukaa. Mkuki ukaingia kwenye shavu la mguu, ukatokea upande wa pili, ukakita ardhini. Mzee hakupiga kelele. Ngolo akauchomoa, akauinua tena, sasa akitazama koo.

"Ngolo!" Lusekelo alikuwa tayari mlangoni mwa pikapu, kiganja chake kinachuruzika. "Mdogo wako anakwisha damu! Gari ni hili moja bonde zima! Ua huyo, mimi naondoka! Au mpakie Budeba sasa hivi! Chagua!"

Mkuki ulibaki hewani. Budeba alikuwa amelala chali sasa, midomo imekuwa ya majivu. Alisema kitu kwa Kisukuma. Ngolo akageuza kichwa.

Akatupa mkuki. Akambeba mdogo wake mikononi kama mtoto akamlaza nyuma ya pikapu. Devota akavua kitenge, akakifunga pajani kwa mkono mmoja na meno. Ngolo akakaza fundo.

Gari lilipoanza kuondoka, Ngolo akapiga bodi. "Simama!" Akashuka, akamkamata Mzee Bartholomeo shati, akamtupa ndani, juu ya magunia, ubavuni kwa Budeba.

"Huyu naye apande," alisema. "Akae hapo. Nataka aone."

Wakaenda hivyo. Matuta yaliwarusha, na kila waliporushwa Budeba alilia, halafu akalia kidogo, halafu hakulia. Kitenge kililowa kikawa kizito.

"Kandamiza hapo," Ngolo alimwambia mzee. "Ulipokata, kandamiza. Mikono yangu imechoka."

Mzee akaweka viganja vyake juu ya jeraha, akaegemea na uzito wote. Damu ya mdomo wake ikadondokea pale pale. Ilichanganyika.

Budeba akafumbua macho. "Yule wa mabaka," alimwuliza kaka yake, "amepona?"

"Amepona," Ngolo alisema. Yule wa mabaka ndiye aliyekuwa anaburuza utumbo.

"Huyu mzee alinisubiri asubuhi kwenye mpunga. Nilimwambia shikamoo. Akaitika marahaba."

"Nyamaza. Usiongee."

Akanyamaza. Hawakuwa wameifikia lami. Mzee aliendelea kukandamiza. Ngolo aliweka sikio kifuani kwa mdogo wake, akakaa hivyo muda, gari likimpiga kichwa. Kisha akainuka akashika mikono ya mzee akaiondoa.

"Acha," alisema. "Inatosha."

Hakumpiga. Alifunika uso wa Budeba kwa shuka lake. Vumbi likawafunika wote waliobaki.

Mzee akamgeukia Devota. Meno yalikuwa hayapo, maneno yakatoka laini.

"Meseji zangu hukuzisoma?"

"Mashine ilizisoma, baba."

"Ikasema nini?"

Devota alitamani kudanganya. Mkono ulikuwa unamwuma mpaka kwenye ubongo. "Ilisema umeridhika."

Mzee alifikiri. "Niliandika hivyo?"

"Uliandika asante."

"Sasa ningeandika nini?" alisema. "Nimelelewa. Ningewatukana watoto wa watu?"

Ngolo alikuwa amesikia. Alimgeukia Devota. "Kumbe mlikuwa na mashine ya kusoma hasira," alisema. "Sisi tuliambiwa mabua yamefunguliwa, tukaona mpunga wa huyu mzee bado umesimama, tukajua ameuacha. Budeba ndiye alisema, ngoja tuulize. Mimi nikasema, tuulize nini, mtu akiwa na shida si atapiga kelele?"



Hospitali walimpokea Budeba kwa upande wa maiti na mzee kwa upande wa majeruhi, na polisi wakaja wakamfunga mzee pingu, mguu wake mzima kwenye kitanda. Wanawe walishuka kutoka Makongolosi. Ngolo naye alichukuliwa, kwa mkuki na kwa mbavu za mzee. Kesi ziko mahakamani. Mpunga uliobaki hakuna aliyeuvuna. Ng'ombe waliokufa walifukiwa, maana hakuna mtu, mkulima wala mfugaji, aliyethubutu kula nyama ile.

Clement alikuja kutoka Mbeya siku ya pili yake. Alikaa mbele ya kompyuta, akafungua mazungumzo ya Mzee Bartholomeo. Kila meseji roboti lilikuwa limeipima na kuandika uhakika wake. Ile ya mwisho ndiyo lililokuwa na uhakika nayo kuliko zote: ametulia.

"Lilikuwa na uhakika," Clement alisema. Miwani alikuwa ameivua.

"Mimi ndiye nililifundisha," Devota alisema. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta.

"Mimi ndiye nilikwambia kijani."

Wakaanza upya. Zile meseji za zamani wakazirudia moja moja, safari hii hazisomwi kila moja peke yake kama shuke lililokatwa, zinasomwa pamoja na zilizotangulia. Damari alimpigia bintiye kumjulia hali ya mkono. Devota akamwambia kazi anayofanya.

"Kwani mnapima nini?" mama aliuliza kwa mdomo wake wa upande.

"Hasira, mama."

"Kwa kelele?"

"Tulikuwa tunapima kwa kelele."

"Wewe," mama alisema, "wewe niliyekukimbiza bila viatu?"

Devota alilia baada ya kukata simu.

Wakabadilisha mambo. Mtu akiomba kitu kile kile tena na tena na hakijafanyika, anapanda juu hata kama kila mara anabariki. Asante haimshushi mtu. Tusi peke yake halimpandishi. Kila mtu anapimwa kwa desturi yake mwenyewe: aliyezoea kutukana akitukana ni salamu yake, aliyezoea kusalimia akiacha kusalimia, kompyuta inalia. Na roboti haliruhusiwi tena kufunga faili la kazi ambayo haijafanyika. Mtu akisema basi, msilete, anapigiwa simu na binadamu.

Clement hakuahidi kitu. "Litakosea tena," alisema. "Litakosea kwa kulia bure. Afadhali hivyo. Lakini kuna mwingine litamkosa kwa namna ambayo sisi hatujaiona."

Bosi alilalamika. Nyekundu zimekuwa nyingi, simu zinakula muda, wateja wanasumbuliwa. Ilikuwa kweli. Sifaeli alikuja kulalamika kwamba matusi yake yamepoteza nguvu. Alipoona plasta ya Devota akameza maneno, akatoka.

Siku hiyo hiyo kompyuta ikalia. Mteja mmoja, Goodness, mwanamke wa njia ya Ubaruku. Alikuwa ameuliza kombaini mara mbili kwa salamu ndefu. Ya tatu ilisema: "Asante basi."

Devota akapiga. Simu iliita ikakatika. Akapiga tena. Alikwisha kumwonyesha Lusekelo kwa macho achukue funguo. Lusekelo alisimama, kiganja kimefungwa bandeji.

Ikapokelewa.

"Nani?"

"Devota wa kombaini, dada. Umeandika asante basi. Nataka kujua kama uko salama."

"Niko salama kivipi?"

"Labda umekasirika."

"Nikasirike nini! Shemeji yangu ana mashine yake, amenivunia jana, nikaona niwaambie msihangaike! Mtoto ndiyo kwanza amelala, mnanipigia mara mbili kama polisi! Mmemwamsha! Asante ni asante, nyie watu mna kichaa? Mtu akishukuru ni kosa? Sikilizeni anavyolia! Njooni mmbembeleze basi, si mna muda!"

Aliendelea. Alikuwa na pumzi. Aliitaja kampuni, akataja kombaini, akataja na waliomzaa Devota.

Lusekelo alikuwa mlangoni, funguo mkononi, anasubiri.

Devota akamtikisia kichwa, akae. Akaweka simu sikioni vizuri, akamsikiliza yule mwanamke mpaka mwisho, bila kumkatiza, kelele zote na mtoto analia nyuma yake.

"Samahani, dada," alisema. "Nimefurahi."

"Umefurahi nini?"

"Basi tu."

Simu ikakatwa kwa hasira. Devota akafungua meseji inayofuata.